45 Inavyofungua Vizimba vya Killer Sudoku

*"Mtaalamu, habari. Nacheza Killer Sudoku na jedwali la jumla nimelikariri: 3 ni 1 na 2, 17 ni 8 na 9, 24 ya seli tatu ni 7, 8 na 9. Lakini nikishamaliza vizimba hivyo rahisi, vinavyobaki vina njia nyingi mno na naishia kubahatisha. Naambiwa nitumie 45. Najua 1 hadi 9 zikijumlishwa ni 45, ila sioni inanisaidiaje wakati vizimba havikai sawasawa ndani ya boksi. Nifanyeje?"*

Huko kutokaa sawasawa ndiko kunakokupa jibu. Vizimba, yaani makundi ya seli yaliyopewa jumla zake, vikikaa vyote ndani ya boksi la seli tisa bila kuvuka mpaka, jumla yake itakuwa 45 tu, na hilo ulilijua tangu mwanzo. Lakini kizimba kimoja kikichomoza nje kwa seli moja, jumla itazidi 45, na ziada hiyo yote imo ndani ya seli moja. Unaweza kuandika namba yake hata kama hujajua namba nyingine yoyote ya boksi hilo.

Sababu yake ni nyepesi. Ukijumlisha vizimba vinavyofunika boksi zima, umejumlisha mambo mawili kwa pamoja: namba tisa za boksi, ambazo ni lazima ziwe 1 hadi 9 kila moja mara moja, na zile seli zilizovuka mpaka. Hizo tisa ni 45 hata zikipangwa vipi. Ondoa 45, kinachobaki ni cha waliovuka. Mambo yakiwa kinyume, yaani seli moja ya boksi imechukuliwa na kizimba cha jirani, unajumlisha vizimba vilivyo ndani kabisa na kuvitoa kwenye 45, na upungufu ndio namba ya seli hiyo iliyobaki. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwenye mstari wa kulala na kwenye safu ya wima, kwa sababu navyo vinabeba 1 hadi 9 bila kurudia.

Nitakuonyesha kwenye sehemu ya juu ya fumbo moja, kwa sababu maelezo ya jumla hayatakufikisha mbali. Safu nimezipa herufi A hadi I, mistari namba 1 hadi 9. Kwa hiyo A1 ni kona ya juu kushoto na I1 ni kona ya juu kulia. Namba unazoziona ndani ya seli si majibu. Kila moja ni jumla ya kizimba ambacho seli hiyo imo, na nukta ni seli ambazo vizimba vyake havituhusu hapa.

```
     A   B   C |  D   E   F |  G   H   I
1    4   4  17 | 11  18  18 | 18  10  10
2   13  13  17 | 11   9   3 |  .   .   .
3   13  19  19 | 19   9   3 | 17  17  17
4    .   .   . |  .   9   . |  .   .   .
```

Anza na yale unayoyajua. Kizimba cha 4 kiko A1 na B1, kwa hiyo ni 1 na 3 kwa mpangilio usiojulikana. Kizimba cha 17 kilicho C1 na C2 ni 8 na 9. Kizimba cha 3 kilicho F2 na F3 ni 1 na 2. Hapo ndipo jedwali lako linapokoma. Kizimba cha 19 cha seli tatu, yaani B3, C3 na D3, kina njia tano: 2-8-9, 3-7-9, 4-6-9, 4-7-8 na 5-6-8. Mtu akianza kubahatisha hapa atapoteza muda mwingi.

Sasa tazama boksi la kwanza, A hadi C kwenye mistari mitatu ya juu. Vizimba vinavyoligusa ni vinne: 4, 17, 13 na 19. Kabla ya kujumlisha namba, hesabu seli. Kizimba cha 4 kina seli mbili, cha 17 mbili, cha 13 tatu, cha 19 tatu. Jumla ni seli kumi. Boksi lina tisa, kwa hiyo ni seli moja tu iliyochomoza, nayo ni D3. Nasisitiza uhesabu seli kwanza kwa sababu kosa linalotokea mara nyingi katika mbinu hii si la mantiki, ni la macho: mtu anaruka kizimba kimoja, au anakihesabu mara mbili kwa kuwa kinapinda kona. Hesabu ya seli inakukamata mapema.

Jumla ya vizimba vinne ni 4 + 17 + 13 + 19, yaani 53. Toa 45, inabaki 8. D3 ni 8. Hakuna kubahatisha, na bado hujajua namba hata moja ya boksi la kwanza mahali pake hasa.

Hapa wengi wanaandika 8 wanakwenda zao, na kumbe ndiyo kwanza kazi nzuri inaanza. Rudi kwenye kizimba cha 19. Kati ya njia zake tano, zenye 8 ni tatu: 2-8-9, 4-7-8 na 5-6-8. Ile ya 2-8-9 ingetaka 2 na 9 zikae B3 na C3, lakini 9 ya boksi hili imeshafungiwa kwenye kizimba cha 17, ama C1 ama C2. Kwa hiyo B3 na C3 ni 4 na 7, au 5 na 6. Njia tano zimekuwa mbili. Na kwa kuwa 1, 3, 8 na 9 za boksi zina wenyewe, zilizobaki kwa ajili ya B3, C3 na kizimba cha 13 ni 2, 4, 5, 6 na 7. B3 na C3 zikichukua 4 na 7, kizimba cha 13 kinakuwa 2-5-6. Zikichukua 5 na 6, kinakuwa 2-4-7. Vyovyote iwavyo 2 imo ndani ya kizimba cha 13. Andika hilo pembeni, litarudi.

Twende boksi la pili, D hadi F. Vizimba vinavyoanzia humo ni 11, 18, 9 na 3. Seli zake ni mbili, tatu, tatu na mbili, jumla kumi. Ongeza D3 ambayo ni ya kizimba cha 19, unapata seli kumi na moja, yaani boksi lenyewe na seli mbili za nje. Za nje ni G1, mkia wa kizimba cha 18, na E4, mkia wa kizimba cha 9 unaoshuka chini. Jumla ya vizimba ni 41, na pamoja na 8 ya D3 ni 49. Toa 45, inabaki 4. Kwa hiyo G1 na E4 kwa pamoja ni 4.

Unaweza kufika hapo hapo bila hata kuijua D3. Chukua maboksi mawili kama eneo moja lenye jumla ya 90. Vizimba vyote ni 53 na 41, jumla 94. Kinachozidi ni 4, na waliochomoza nje ya eneo hilo pana ni G1 na E4 peke yao, kwa sababu D3 sasa iko ndani. Njia hii ikumbuke hasa pale boksi moja linapokuwa na michomozo mingi ambayo yote inaingia kwenye boksi la jirani. Ukiyaunganisha, michomozo ile inamezwa. Mistari miwili ni 90, mistari mitatu ni 135, na ndivyo ilivyo kwa safu.

Sasa naomba utulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo jedwali ulilolikariri linaweza kukudanganya. Umeona 4 na seli mbili. Mkono unataka kuandika 1 na 3. Lakini G1 na E4 si kizimba kimoja. Hazimo katika mstari mmoja, wala safu moja, wala boksi moja. Hakuna sheria yoyote inayozikataza kuwa sawa. Kwa hiyo njia ni tatu: G1 ni 1 na E4 ni 3, G1 ni 3 na E4 ni 1, au zote mbili ni 2. Jedwali la jumla linahusu seli ambazo haziwezi kurudia namba. Seli zilizochomoza kwenda pande tofauti mara nyingi zinaweza kurudia.

Tazama kinachotokea. Mstari wa kwanza una kizimba cha 4 kwenye A1 na B1, na humo 1 na 3 zimefungiwa. G1 iko mstari huo huo, kwa hiyo haiwezi kuwa 1 wala 3. Inabaki 2. Na E4 nayo ni 2. Aliyeandika "4 ni 1 na 3" kwa mazoea angefika hapa akaona G1 haina namba inayokaa, akadhani fumbo ni bovu au amekosea mahali pengine, akafuta kila kitu. Kabla ya kutumia jedwali kwa seli mbili ambazo si kizimba kimoja, jiulize kama zinaonana, yaani kama ziko mstari mmoja, safu moja au boksi moja. Zikionana, jedwali linafaa. Zisipoonana, ongeza njia za namba kujirudia.

Baada ya G1, mambo yanakwenda kwa kasi. Kizimba cha 18 ni E1, F1 na G1. G1 ni 2, kwa hiyo E1 na F1 ni 16, na hizi mbili zinaonana, hivyo ni 7 na 9. Zimefungia 9 ya mstari wa kwanza. C1 ilikuwa 8 au 9, sasa haiwezi kuwa 9. C1 ni 8 na C2 ni 9. Umeona namba za kizimba cha boksi la kwanza zimepangwa na kizimba kilichoko boksi la pili na la tatu. Ndiyo maana nasema usiziangalie jumla peke yake wala kanuni ya kutorudia peke yake. Jumla inakupa namba zipi, kutorudia kunakupa zikae wapi, na kila moja inaisukuma nyingine.

Kizimba cha 11, D1 na D2, kingeweza kuwa 2-9, 3-8, 4-7 au 5-6. Lakini 8 ya boksi hili iko D3, na 7 na 9 ziko E1 na F1. Inabaki 5 na 6. Kizimba cha 9 ni E2, E3 na E4. E4 ni 2, hivyo E2 na E3 ni 7, na kwa kuwa 1 na 2 za boksi ziko F2 na F3, haiwezi kuwa 1-6 wala 2-5. Ni 3 na 4.

Kizimba hiki cha 9 kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Sasa kina 2, 3 na 4, na seli zake zote tatu ziko safu E. Kwa hiyo ndani ya safu E hakuna tena 2, 3 wala 4 mahali pengine popote, na unaweza kuzifuta kuanzia E5 hadi E9. Je, unaweza kuzifuta zote tatu kwenye boksi la pili pia? Hapana. Ndani ya boksi la pili ziko E2 na E3 tu, kwa hiyo ni 3 na 4 pekee zilizofungiwa humo. Namba 2 ya kizimba iko chini, E4, katika boksi jingine, na boksi la pili bado linaidai 2 yake, ambayo tunajua iko F2 au F3. Kosa la kufunga kizimba kizima kwenye eneo ambalo kimeingia nusu tu ni kosa la pili kwa wingi kati ya niliyoyaona, na ni baya kwa sababu halionekani mara moja. Litajitokeza baadaye sana, ukiwa na boksi lisilo na mahali pa kuweka 2.

Tutumie 45 kwenye mstari wa kwanza. Tunajua A1 na B1 ni 4 kwa pamoja, C1 ni 8, E1 na F1 ni 16, G1 ni 2, na kizimba cha H1 na I1 ni 10. Jumla ni 40. Seli iliyobaki ni D1, na lazima iwe 5. D2 basi ni 6. Vilevile H1 na I1: mstari umeshatumia 1, 2, 3, 5, 7, 8 na 9, kwa hiyo ni 4 na 6, na jumla yake ni 10 kama kizimba kinavyotaka. Mapatano kama hayo usiyapuuze, ni ukaguzi wa bure. Kama zingebaki namba mbili ambazo hazifiki 10, ungejua hapo hapo kwamba kuna hesabu iliyokwenda kombo juu yake.

Mstari wa tatu ni mgumu kidogo, na nimeuweka kwa makusudi. Una kizimba cha 19 kizima na kizimba cha 17 cha G3, H3 na I3 kizima. Jumla 36. Zimebaki A3, E3 na F3, na zote tatu kwa pamoja ni 9. Kwa kawaida nikibaki na seli tatu zisizojulikana naacha, natafuta eneo jingine, kwa sababu 9 ya seli tatu ni 1-2-6, 1-3-5 au 2-3-4, na hilo peke yake halisemi mengi. Lakini hapa tayari tuna vikomo kwenye kila seli. E3 ni 3 au 4. F3 ni 1 au 2. Kwa hiyo E3 na F3 kwa pamoja haziwi chini ya 4 wala juu ya 6, na A3 inabidi iwe kati ya 3 na 5. A3 imo kwenye kizimba cha 13, ambacho namba zake zinatoka katika 2, 4, 5, 6 na 7. Kwa hiyo A3 ni 4 au 5.

Tujaribu 5. Ikiwa 5, kizimba cha 13 ni kile cha 2-5-6, na 6 inabidi ikae A2 au B2. Zote mbili ziko mstari wa pili, na mstari huo una 6 tayari, D2. Haiwezekani. A3 ni 4.

Sasa E3 na F3 ni 5 kwa pamoja: 3 na 2, au 4 na 1. Ile ya pili ingeweka 4 nyingine kwenye mstari wa tatu, jambo lisilokubalika. E3 ni 3, F3 ni 2, E2 ni 4, F2 ni 1. Kizimba cha 13 ni 2-4-7, kwa hiyo A2 na B2 ni 2 na 7. B3 na C3 ni 5 na 6. Mstari wa tatu sasa una 4, 5, 6, 8, 3 na 2, na zilizobaki kwa ajili ya G3, H3 na I3 ni 1, 7 na 9, ambazo jumla yake ni 17 kamili. Na seli tatu za mstari wa pili katika boksi la tatu zinabaki na 3, 5 na 8.

Tumetoka mbali bila kubahatisha hata mara moja, na hatua zilizotumia jedwali la kukariri zilikuwa chache. Kazi kubwa imefanywa na kutoa 45 mara nne na kuuliza kila mara nani anamwona nani.

Kuna sura moja zaidi ya 45 ambayo utakutana nayo mara nyingi na ambayo mfano wetu haukuigusa. Chukua boksi ambalo seli yake moja imechukuliwa na kizimba cha nje, na papo hapo kizimba chake kimoja kimechomoza seli moja nje. Hujui yoyote kati ya hizo mbili, lakini unajua tofauti yake. Tuseme vizimba vya boksi hilo, bila kile kilichoingia kutoka nje, vina jumla ya 51. Seli ya nje basi inaizidi seli ya ndani kwa 6. Njia ziko tatu tu: ndani 1 na nje 7, ndani 2 na nje 8, ndani 3 na nje 9. Seli ya ndani haiwezi kuzidi 3, ya nje haiwezi kupungua 7. Kwa mtu aliyekuwa na namba tisa za kujaribu kila upande, hayo ni mavuno. Tofauti ikiwa 1 au 2 tu, iandike pembeni uendelee, maana haitakusaidia mpaka mojawapo ya seli hizo ipungukiwe njia. Na ikiwa tofauti ni 0, seli hizo mbili zina namba moja. Hilo linawezekana zisipoonana. Zikiwa mstari mmoja na jumla ikatoa 0, ujue umejumlisha vibaya.

Ukaguzi mwingine wa aina hiyo ni wa mipaka. Seli moja iliyochomoza ikikupa 0, au 10 au zaidi, hesabu ni mbovu. Seli mbili zinazoonana haziwezi kupungua 3 wala kuzidi 17. Seli mbili zisizoonana zinaweza kushuka hadi 2 na kupanda hadi 18. Mipaka hii si ya kukagua makosa tu. Ukipata jumla iliyo karibu na mpaka, kama ile 4 yetu, umepata mahali pazuri pa kusimama. Ukipata seli mbili zenye jumla ya 10, uko katikati kabisa na njia ni nyingi, basi usijilazimishe. Ndiyo maana seli tatu au nne zilizochomoza kwa kawaida naziacha, isipokuwa jumla yake iko pembeni kabisa, au, kama kwenye mstari wetu wa tatu, kila seli imeshabanwa na jambo jingine.

Ukikaa mbele ya fumbo jipya, pitisha jicho kwenye mistari ya kando na maboksi ya pembeni kwanza. Huko vizimba vina pande chache za kuvukia, kwa hiyo michomozo inakuwa michache kuliko katikati. Boksi la kona lina majirani pande mbili tu, wakati boksi la katikati linaweza kuvuja pande zote nne. Kila ukipata namba, rudi kwenye kizimba chake ukate njia zisizokuwa nayo, kisha rudi kwenye maeneo uliyoyapita. Eneo lililokuwa na michomozo mitatu linaweza sasa kuwa na mmoja tu usiojulikana.

Na soma masharti ya fumbo kabla ya kuanza. Katika hatua zote nilizokuonyesha nimechukulia kwamba namba hairudii ndani ya kizimba, na hiyo ndiyo kanuni ya kawaida. Wapo watunzi wanaoruhusu kurudia ndani ya kizimba kinachovuka maboksi, mradi mistari, safu na maboksi yasivunjwe. Kwenye fumbo la namna hiyo 45 inabaki vilevile bila kutikisika, lakini jedwali lako la jumla linafaa tu kwa vizimba ambavyo seli zake zote zinaonana. Kizimba cha seli tatu kilichopinda kona na kuingia boksi jingine chenye jumla ya 7 kwa kawaida ni 1-2-4 tu. Kwenye fumbo hilo kinaweza pia kuwa 1-1-5, 2-2-3 au 3-3-1, mradi zile mbili zinazofanana zisikae mahali zinapoonana.